Mililita mbili zinazodanganya: kupima uwezo wa udongo kubadilishana kationi

(Mhadhara kwa mafundi wa maabara na wanafunzi wa kilimo, Nairobi)

Habari za asubuhi. Nimekuja na mikebe miwili. Huu una udongo mwekundu wa Kabete, na huu una ule mweusi wa Embakasi, unaojua sana kunasa gari wakati wa mvua. Yote miwili imekaushwa kwa hewa na kupitishwa kwenye chekecho la milimita 2.

Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, na juu yake zimeng'ang'ania kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na wenzao. Sisi tunataka kujua viti viko vingapi. Kwa hiyo tunawainua wote walioketi, tunaketisha amoniamu peke yake, kisha tunaiondoa hiyo amoniamu na kuihesabu.

Chukua gramu 5 za udongo, uziweke kwenye mrija wenye pamba chini. Pitisha polepole mililita 100 za asetati ya amoniamu ya moli 1 kwa lita, iliyorekebishwa hadi pH 7. Acha idondoke kwa saa kadhaa. Ukiiharakisha, itapita kwenye mianya mikubwa na kuacha katikati ya udongo bila kuguswa. Huu mweusi una tabia yake: ukilowa unavimba na mrija unaziba kabisa, kwa hiyo tunauchanganya kwanza na mchanga safi uliooshwa kwa asidi.

Sasa viti vimejaa amoniamu. Lakini kuna amoniamu nyingine ambayo haijaketi popote. Imo tu katika maji yaliyobaki kati ya chembe. Tuseme yamebaki mililita 2. Hizo zina milimoli 2 za amoniamu. Zigawe kwa gramu 5, utapata sentimoli 40 kwa kilo. Yaani uchafu peke yake unaweza kuupa udongo mwekundu sura ya udongo mweusi! Hata tone dogo la mililita 0.1 likibaki, linaongeza sentimoli 2.

Ndiyo maana tunaosha kwa ethanoli. Hatutumii maji, kwa sababu maji huanza kuing'oa ile amoniamu iliyoketi, na mfinyanzi hutawanyika ukatoka na maji. Mimina ethanoli kidogo kidogo, uache kila mmiminiko uishe kabla ya kuongeza mwingine. Kisha kinga matone machache ya mwisho na uyatie kitendanishi cha Nessler. Rangi ya njano au ya machungwa ina maana amoniamu bado ipo. Kisipobadilika rangi, acha hapo hapo. Nessler ina zebaki, basi taka zake zisiende kwenye sinki.

Nilipokuwa kijana wa maabara niliona kuosha zaidi ndiyo bidii. Nikaongeza miosho mitatu "kwa usalama", na udongo niliokuwa nimeupima wiki iliyotangulia ukashuka bei mkononi mwangu. Ethanoli nayo ikizidi huondoa ya halali.

Baada ya hapo pitisha kloridi ya potasiamu ya moli 1 kwa lita, ukusanye mililita 100. Potasiamu inaisukuma amoniamu nje. Chota mililita 20 za mchujo huo, utie oksidi ya magnesiamu, uchemshe kwenye mtambo wa kunereka, na amonia ikamatwe ndani ya asidi ya boriki yenye kiashiria. Rangi itageuka kijani. Ukidondosha asidi ya kloridi kutoka kwenye bureti, unasimama inaporudi waridi.

Tufanye hesabu ya Kabete, kwa mfano. Asidi ni ya moli 0.02 kwa lita, bureti imesoma mililita 9.3, na jaribio tupu, lililopita hatua zote bila udongo, limesoma 0.3. Tunabaki na 9.0. Zidisha kwa 0.02, ni milimoli 0.18. Tulichota sehemu moja ya tano, kwa hiyo jumla ni milimoli 0.9 katika gramu 5, sawa na sentimoli 18 kwa kilo.

Mwanafunzi mmoja kaniuliza hapa mlangoni: "Mwalimu, na ule mweusi ukiwa na vipande vyeupe vya chokaa?" Tone la asidi hafifu likifanya povu, shika tahadhari. Asetati huyeyusha chokaa, na kalsiamu inayotoka hugombania viti na amoniamu, kwa hiyo jibu linaelekea kuwa dogo kuliko haki yake. Na kalsiamu utakayoipima katika mchujo wa kwanza usiiite ya kubadilishana, nyingine ni chokaa tu.

Mwekundu una kosa lake la upande wa pili. Sehemu ya chaji yake hutegemea pH. Ukiwa shambani na pH 5.2, sisi tukaupima kwa pH 7, tumeuongezea viti ambavyo mkulima hana. Kwa hiyo katika fomu ya matokeo, kando ya hizo 18, andikeni "pH 7". Anayetaka viti vilivyopo shambani apime kwa pH ya udongo wenyewe, kwa kloridi isiyotuliza pH, na atapata namba ndogo zaidi.