Nne Mbili Zilizofanana Mno

(Mhadhara uliotolewa Uyole, Mbeya, mbele ya wasafirishaji na wafanyabiashara wa viazi)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa viazi, na ninyi madereva mliosimama mlangoni, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie picha za magari zenye namba zilizochezewa. Ningeweza kuwaonyesha picha ishirini kwa haraka, lakini mkifika nyumbani hamtakumbuka hata moja. Nimeleta moja. Tukae nayo.

Mwenye picha hii ni mama mmoja anayenunua viazi huku Uporoto na kuvipeleka Dar es Salaam. Alikuwa na gunia tisini zimeshafungwa, mvua inanyesha, na gari alilozoea kulikodi liko gereji. Akapigiwa simu na dalali asiyemfahamu. Dalali akamwambia Fuso ipo, inashuka kesho, dereva anahitaji hela ya mafuta. Akamtumia picha ya gari kwa WhatsApp ili aamini. Mama akatuma laki sita. Jioni moyo ukamchezacheza, akanitumia picha akisema, "Mwanangu, hebu iangalie hii namba. Inaniudhi na sijui kwa nini."

Kitu cha kwanza ninachotazama ni mpangilio, maana hauhitaji kifaa chochote. Namba zetu za kawaida ni herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Gari la mtu binafsi lina pleti ya njano, la biashara lina pleti nyeupe. Pikipiki na bajaji zinaanza na MC. Tela lina namba yake na kichwa kina yake, kwa hiyo picha ya nyuma ya semi na picha ya mbele zikionyesha namba mbili tofauti, msishtuke. Halafu kuna ule mfuatano ambao ninyi mnaujua kuliko mimi, mnaposema "gari namba C", "gari namba D". Mtu akikuambia picha hii niliipiga miaka kumi na tano iliyopita, na pleti inasoma namba E, basi ama tarehe ni ya uongo ama namba ni ya uongo.

Fuso ya mama ilipita hapo bila tatizo. Pleti nyeupe, T 484, kisha D na herufi mbili nyingine ambazo siwatajii, kwa sababu gari lile lina mwenyewe na hana kosa. Aliyeichezea picha alijua mpangilio. Wengi wanaujua, ndiyo maana mpangilio ukiwa sahihi haukuambii jambo kubwa.

Cha pili ni umbo la herufi zenyewe. Mtu akiandika namba kwa kompyuta juu ya picha, mara nyingi utamkamata hapa. Pleti zetu zinagongwa kwa mashine, herufi zinainuka juu ya bati. Jua likipiga kutoka upande mmoja, ukingo wa upande huo unang'aa na ukingo wa pili unakuwa na kivuli chembamba. Herufi ya kompyuta imelala kama karatasi iliyobandikwa. Weusi wake ni mmoja kutoka juu hadi chini, na makali yake yamenyooka kuliko kitu chochote kingine kwenye picha, hata kuliko grili ya gari iliyo karibu nayo.

Lakini naomba mnisikilize hapa, maana hapa ndipo watu wanapowaonea wenzao. Msilinganishe umbo la herufi na pleti ya gari lenu. Pleti hazigongwi na mashine moja nchi nzima. Nimeona pleti halali mbili ambazo nne ya moja haifanani na nne ya nyingine. Linganisha herufi na jirani zake walio kwenye bati hilohilo. Unene wa mistari ni mmoja? Kivuli kiko upande mmoja? Ukungu wa picha ni sawa?

Kwa picha ya mama, majibu yote yalikuwa ndiyo. Nne ya mwisho ilikuwa na kivuli chake, unene wake, hata vumbi lake. Nikakaa nikiitazama, nami nikaanza kusema moyoni kwamba mama ana wasiwasi tu. Kisha nikaliona doa.

Tazameni ukutani. Hii ni nne ya kwanza, nimeikuza. Kwenye mguu wake, karibu na chini, kuna tone la tope lenye umbo kama mbegu ya mchicha. Sasa tuhamie nne ya mwisho. Mguu uleule, mahali palepale, mbegu ileile ya mchicha. Tope la Isyonje linaruka ovyo, ndugu zangu. Haliwezi kuruka mara mbili likatua na umbo moja mahali pamoja.

Kumbe hakuandika kwa kompyuta. Alikata nne ya kwanza kutoka kwenye pleti hiyohiyo akaibandika juu ya tarakimu ya mwisho. Ndiyo maana fonti ilikuwa sahihi, na kivuli kilikuwa sahihi: alivichukua palepale.

Doa peke yake lingeweza kubishaniwa, kwa hiyo nikapima. Picha ilipigwa kutoka kona ya gari iliyo kushoto kwako ukilitazama kwa mbele. Ukisimama kwenye kona, herufi iliyo karibu nawe inaonekana kubwa na iliyo mbali inapungua kidogo kidogo, kama nguzo za umeme zinavyopungua ukitazama barabara ya kwenda Igawa. Nilitumia GIMP, ambayo ni programu ya bure, nikabonyeza Shift+M kupata kipimo, nikapima kimo cha kila herufi kwa pikseli. T ilikuwa 78. Nne ya kwanza 74. Nane 71. Nne ya mwisho 74. D ilikuwa 64, na zile mbili za mwisho 61 na 59.

Mnaona? Zinashuka vizuri, 78, 74, 71, halafu ghafla inapanda 74, kisha inarudi 64. Tarakimu ya tatu ilipaswa kuwa karibu na 68. Mkono wangu unaweza kukosea pikseli moja, siku mbaya mbili. Haukosei sita.

Kisha nikainyoosha pleti. Kwenye GIMP unachukua chombo cha Perspective, kwenye Direction unachagua Corrective (Backward), unaweka pembe nne kwenye pembe nne za pleti, na pleti inakuja mbele yako kana kwamba umesimama mbele ya bampa. Herufi zote zikasimama kimo kimoja juu ya mstari mmoja, isipokuwa nne ile. Imezidi juu, na mguu wake umeshuka chini ya mstari. Pia nafasi: kati ya T na tarakimu ya kwanza kuna pengo pana, lakini kati ya tarakimu ya mwisho na D limebaki pengo dogo sana. Nne imeibana D. Hiyo ikanifanya nihisi kwamba tarakimu ya asili ilikuwa nyembamba, na tarakimu iliyo nyembamba kuliko zote ni moja.

Mzee pale nyuma anauliza kama nafasi zisizolingana zinatosha kumkamata mtu. Hapana, mzee wangu. Kuna pleti zimegongwa hovyo tangu siku ya kwanza, na kuna zilizopinda kwa kugonga ng'ombe au ukingo wa daraja. Bati lililopinda haliwezi kunyooka kwa pembe nne tu, na herufi zake zitapanda na kushuka hata kama picha ni safi. Nafasi ni shahidi wa pili. Usimpandishe kizimbani peke yake.

Nami niliwahi kukosea, na lilinikaa rohoni. Kijana mmoja wa Makambako alileta picha ya gari lake ili alikodishe, na mwenye mzigo akaniomba niitazame. Tarakimu moja ilikuwa kati ya tatu na nane, upande wake wa kushoto una kitu cheusi kisicho na umbo. Nikasema imeeditiwa. Kijana akakosa safari. Wiki iliyofuata nikaliona gari lenyewe: ilikuwa tatu, na skrubu yenye kutu iliyoshika pleti ilipita ubavuni mwake. Picha ilishapita kwenye simu nne, kila ikitumwa WhatsApp inaibana tena, na skrubu ikayeyuka ikawa sehemu ya tarakimu. Nilimtafuta kijana nikamwomba radhi. Tangu hapo, picha iliyobanwa siitolei hukumu. Naomba aliyeipiga aitume kama dokumenti, siyo kama picha, ili ifike bila kubanwa. Na pleti ikiwa ndogo kiasi kwamba herufi hazifiki hata pikseli ishirini kwa kimo, nasema sioni, basi. Kuikuza hakuongezi kitu, na programu za kung'arisha picha zinabuni mistari ambayo kamera haikuiona.

Jambo jingine: vipimo hivi vyote vinakamata picha iliyochezewa, havikamati pleti iliyobadilishwa. Mtu akifungua skrubu akafunga pleti ya gari jingine, picha itakuwa safi kabisa. Kwa hiyo baada ya pleti, tafuteni namba mahali pengine kwenye picha hiyohiyo. Wengi wenu mmechora namba kwenye vioo, kwenye taa, kwenye saiti mira, wengine mmeiandika kwa rangi ubavuni mwa bodi. Anayeediti huwa anakumbuka bampa na kusahau kioo.

Kwenye picha ya mama, kioo cha mlango wa dereva kilikuwa kimenasa mwanga wa mawingu. Nikakikuza, nikapunguza mwanga. Sehemu kubwa haikusomeka. Lakini kulikuwa na alama mbili za mchoro zilizoonekana: nane, na baada yake mstari mmoja mwembamba uliosimama. Moja.

Nikampigia mama usiku huohuo. Nikamwambia asimtukane dalali, amwombe tu vitu viwili: picha ya kadi ya gari, na picha mpya ya gari kutoka mbele moja kwa moja, dereva amesimama kando ya bampa. Dalali akasema sawa, nipe nusu saa. Baada ya nusu saa simu yake haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Viazi vilipakiwa kesho yake alasiri kwenye gari jingine, mama mwenyewe akiwa amesimama pale anasoma pleti. Laki sita haikurudi.

Sasa, nani ana picha kwenye simu yake anataka tuitazame pamoja? Njoo, dada. Hapana, usinitumie WhatsApp, niletee simu yenyewe.