Darizi Nyeusi ya Pande Mbili: Kurudi kwa Njia Uliyoendea

*Mhadhara huu niliutoa Iringa mbele ya mafundi cherehani na wadarizi wa mkono. Nimeuandika kama nilivyousema, nikipunguza vicheko na zile dakika za kutafuta kiti cha mama aliyechelewa.*

Shikamooni wazazi wangu. Wengine wote, habari za asubuhi. Naona waliotoka Mafinga wamekuja na mashali yao, na vizuri, maana shali ndiyo iliyonileta hapa.

Ninavipitisha vitambaa viwili. Mviangalie usoni kwanza, msivigeuze. Mstari mweusi chini, na vimisalaba vimesimama juu yake kwa nafasi sawa. Vinafanana. Sasa geuzeni. Kimoja mgongo wake ni kama uso. Kingine kina nyuzi zilizoruka kutoka msalaba hadi msalaba, zimelala kwa kukingama, na fundo mbili juu yake. Mkono ni mmoja, uzi ni mmoja, kitambaa kimekatwa kwenye jora moja. Kilichotofautiana ni njia ambayo sindano ilipita.

Kwa kitambaa cha meza, mgongo huo mbaya hauna shida, nani ataufunua? Lakini shali, mtandio, kola ya kugeuza, pazia la mlangoni, vyote hivyo huonyesha pande mbili. Hata hao Waingereza wa karne ya 16, ambao darizi hii nyeusi juu ya kitani cheupe ilipendwa sana kwao, shida yao ilikuwa hiyo hiyo. Malinda ya mwisho wa mikono yao yalijikunja na kuonyesha ndani na nje. Mchoraji Hans Holbein alimchora Malkia Jane Seymour miaka ya 1530 na malinda ya namna hiyo, ruwaza imechorwa kwa uangalifu mpaka mshono unaonekana. Ndiyo maana hadi leo mshono wenyewe unaitwa mshono wa Holbein. Msiogope jina. Ni bandi, ile ile mnayopiga kabla ya kupeleka nguo kwenye cherehani, ila inapigwa mara mbili.

Kwanza kitambaa. Tunahesabu nyuzi, kwa hiyo lazima nyuzi zionekane, na ziwe sawa pande zote mbili. Kitambaa cha marekani tulichokizoea kimesukwa kwa kubana mno, macho yatakutoka. Tafuta kitani au pamba yenye ufumaji wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini. Weka rula, hesabu nyuzi za wima ndani ya sentimita mbili, kisha za mlalo. Usimwamini muuza duka, hata akiwa shemeji yako. Hiki ninachotumia kina nyuzi kama 11 kwa sentimita kila upande. Kama kingekuwa 11 upande mmoja na 9 upande mwingine, mraba wa nyuzi 40 kwa 40 ungetoka na sentimita 3.6 kwa 4.4. Hapo si mraba tena, ni dirisha. Kitambaa cha namna hiyo kinafaa kwa pindo linalokwenda upande mmoja tu. Ukipiga kona, upande wa pili utavimba.

Kila mshono unavuka nyuzi mbili. Hapa nawapa alama ambayo itawaokoa na kuhesabu upya kila mara. Chagua tundu la kuanzia, angalia pale nyuzi zinapokatana kwenye kona yake ya juu kulia. Anza mahali ambapo kwenye makutano hayo uzi wa wima umepita juu ya uzi wa mlalo. Kwa kuwa ufumaji hujirudia kila baada ya nyuzi mbili, kila tundu utakalofikia kwa kuvuka mbili mbili, iwe kwa mlalo, kwa wima au kwa mshazari, litakuwa na alama ile ile. Ukifika kwenye tundu ukakuta uzi wa wima umezama, umeruka uzi mmoja, simama hapo hapo. Alama hii ina upofu mmoja: ukikosea uzi mmoja kwa mlalo na mmoja kwa wima kwa pamoja, haitakuambia kitu. Na kama matundu hayaonekani, tandaza kitambaa cheusi mapajani chini ya kazi.

Sindano iwe butu, ili ipite kwenye tundu bila kuchoma uzi. Uzi wa darizi wenye nyuzi sita, chomoa mmoja tu, wa urefu wa mkono hivi. Uzi mweusi ukiwa mrefu unachakaa na kuacha manyoya kwenye kitambaa cheupe. Pia ulowanishe na uukamulie kwenye kitambaa cheupe kabla ya kuanza, maana weusi mwingine hutoka.

Sasa safari. Kwenye mstari mnyoofu kila mtu anajua: unakwenda juu, chini, juu, chini, mpaka mwisho, kisha unageuka na kuziba mapengo. Palipokuwa na mshono mbele sasa unapita nyuma, palipokuwa nyuma unapita mbele. Jambo dogo tu la kuzingatia wakati wa kurudi: tundu tayari lina uzi. Sindano ichomoze juu kidogo ya uzi uliopo, na izame chini kidogo ya uzi uliopo, hivyo hivyo mstari mzima. Ukichanganya, mara juu mara chini, mstari unatoka na meno.

Ugumu unaanza kwenye vimisalaba. Wengi hupiga mstari wote kwanza, kisha wanarudi kuweka misalaba, na hapo ndipo nyuzi zinapoanza kuruka mgongoni. Fikirini barabara kuu ya kutoka hapa kwenda Mafinga na njia za vumbi zinazoingia vijijini. Gari likiingia kijijini kwa njia isiyotokea kwingine, litatoka kwa njia ile ile. Sindano nayo ifanye hivyo: ikikuta tawi, iingie hadi ncha, irudi hadi barabara kuu, ndipo iendelee na safari. Tawi linakamilika pande zote mbili wakati wa kwenda. Barabara kuu peke yake ndiyo inayobaki na mapengo.

Tuufanye msalaba mmoja. Ninyi mlioko mbele, angalieni mkono wangu. Nimepiga mshono mmoja juu, mmoja chini, sindano iko nyuma na inataka kutoka kwenye tundu ambapo shina la msalaba linaanza. Inatoka. Inapanda shina kwa mbele, inazama kwenye kitovu cha msalaba. Kwa nyuma inakwenda ncha ya kushoto, inachomoza, inarudi kitovuni kwa mbele. Kwa nyuma inapanda ncha ya juu, inachomoza, inarudi kitovuni kwa mbele. Kwa nyuma inakwenda ncha ya kulia, inachomoza, inarudi kitovuni kwa mbele. Mwisho inashuka shina kwa nyuma na kuchomoza kwenye tundu la barabara. Kila mshono wa msalaba umepitiwa mara mbili, mara moja mbele na mara moja nyuma. Geuza uone.

Kuna ukaguzi hapo, na huu ndio ninaoutegemea kuliko macho. Tawi lina mishono minne, kwenda na kurudi ni nane. Liwe na mishono mitatu au kumi na moja, ukikwenda na kurudi unapata namba shufwa daima. Kwa hiyo ukirudi barabarani, sindano lazima itokee upande ule ule iliokuwa inatoka ulipoingia. Kama iliingia tawini kwa kuchomoza mbele, sasa pia ichomoze mbele. Ikikataa, kuna mshono huko ndani umeupita mara moja tu au mara tatu. Fumua tawi hilo moja, usiendelee ukitumaini litajirekebisha.

*(Hapa mama mmoja wa safu ya pili aliuliza: "Mwanangu, tawi nimelielewa. Na mraba je? Mraba hauna ncha.")*

Asante mama, umenitangulia. Mraba unawatoa watu machozi. Mtu anazunguka pande nne: juu, chini, juu, chini, amefika alikoanzia. Anasema nizunguke tena nizibe mapengo. Anapiga mshono wa tano, unaangukia juu ya ule wa kwanza, mbele kwa mbele. Mapengo yamebaki vile vile. Ni kwa sababu nne ni shufwa, na mizunguko yote ya mlalo na wima kwenye kitambaa chetu ni shufwa. Dawa yake ni kugeuka. Ukifika ulikoanzia, rudi kinyume: mshono wa nne uliokuwa nyuma unaupita mbele, wa tatu unaupita nyuma, wa pili mbele, wa kwanza nyuma. Mraba umejaa pande zote. Pembetatu yenye mishono mitatu, mmoja ukiwa wa mshazari, hiyo ndiyo unaweza kuizunguka mara mbili upande mmoja, kwa kuwa tatu ni witiri. Lakini kwa anayeanza nasema geuka tu, kugeuka kunafanya kazi kwa zote.

Kwa hiyo ruwaza yoyote ya mistari iliyoshikana inaweza kufanywa ya pande mbili. Isiyoshikana haiwezi kwa uzi mmoja. Nyota inayoelea peke yake, ama uiunganishe na mstari kwa mshono, ama uipe uzi wake na ubebe mzigo wa kuficha ncha zake. Mimi naiunganisha. Kabla ya kushika sindano, chora ruwaza kwenye karatasi ya miraba na uipitie kwa kidole bila kukiinua.

Kuhusu kuanza bila fundo: kunja uzi katikati, upitishe nusu moja kwenye tundu la kwanza, nusu nyingine iache nyuma. Nusu ya kwanza ikienda, nusu ya pili inafuata baadaye kutoka tundu lile lile ikiziba mapengo. Mwanzo hauna ncha kabisa. Mwisho zipo mbili, na hapo sitawadanganya: hazipotei zote. Rudi juu ya mishono minne ya mwisho, mbele na nyuma, kwenye kona ambako mistari imesongamana, kisha kata karibu kabisa. Mwenye jicho kali akigusa ataona unene kidogo. Usifanye hivyo kwenye mstari mnyoofu, utaonekana toka mlangoni.

Vipande vya kitani viko mezani, vina mstari wa penseli ya kufutika kwenye uzi wa kuanzia. Fanyeni misalaba mitatu. Kabla ya kuniletea, geuzeni wenyewe kwanza.