Asilimia ya Nini? Mazungumzo na Wasukaji wa Vikapu, Iringa

Kamwene! Asanteni, kaeni. Milulu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo mambo ya kusuka nayaacha kwenu. Nimekuja na lile lile nililolisema Kihesa, nikalisema Ilula, na wengine hapa wamenichoka nalo: ukimwandikia mwenye duka kuomba akuuzie kikapu chako, mwandikie hesabu.

Maana meseji zenu mnanitumia nizione. "Shikamoo baba, naomba kuleta vikapu vyangu hapo dukani, asilimia tutaelewana." Tutaelewana lini? Siku kikapu kimeshauzwa na hela iko kwenye droo yake? Hapo hamwelewani, hapo mnagombana.

Na hata mkitaja asilimia bado hamjamaliza. Chukua mama anayetaka shilingi 12,000 mkononi kwa kikapu kimoja. Anamwandikia mzee wa duka, "nitakupa asilimia 20." Nyumbani anapiga hesabu: asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, basi kiuzwe 14,400. Mzee anauza 14,400 vizuri kabisa. Sasa yeye asilimia 20 anaikata wapi? Kwenye hela aliyoishika. Anakata 2,880, anampa mama 11,520. Mama analia kaibiwa 480. Mzee anashangaa, mbona kafuata makubaliano? Hakuna mwizi hapo. Kila mmoja kakata asilimia 20 yake.

Dawa yake ni hii. Ukitaka kubaki na 12,000 na mwenzio apate asilimia 20 ya bei ya mteja, hiyo 12,000 ni sehemu 80 katika 100. Gawa kwa 80, zidisha kwa 100, unapata 15,000. Yake 3,000, yako 12,000. Halafu kwenye meseji hilo neno asilimia lifute, andika shilingi. Shilingi haina tafsiri mbili.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema, "Si nimwambie tu anipe 12,000, cha juu chake?" Eeh, cha juu mnakipenda! Mwenye duka mmoja tu, sikatai. Lakini wewe umeweka maduka matatu. Huyu kaona mgeni anaelekea Ruaha, kamtajia 30,000. Mgeni kavuka barabara, kakuta kikapu cha mkono ule ule 15,000. Nani anapigiwa simu ya matusi? Wewe. Na anayetaja 30,000 kila siku, kikapu chako kinamkalia mpaka rangi inapauka kwa jua, na yeye hana haraka kwa sababu hela yake haimo. Bei iwe moja, ifunge kwenye mkono wa kikapu kwa uzi.

Sasa meseji yenyewe. Kumbuka anaisoma amesimama, mmoja anataka vocha, mwingine anadai chenji. Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo baba. Mimi ni fulani, nasuka vikapu hapa Kihesa. Naomba kukuletea vikapu vidogo vitano vya milulu, mali kauli, hutoi hela. Bei ya mteja 15,000. Kila kikiuzwa, 3,000 yako, 12,000 yangu. Vinaning'inia kwenye msumari, kaunta haijai. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja tunahesabu, visivyouzwa nachukua. Naweza kuja kesho saa nane mchana uvione?"

Basi. Hakuna historia ya bibi aliyekufundisha kusuka. Mtasema anajua mwenyewe kuwa hatoi hela. Hajui! Akiona meseji ya mtu anayeuza kitu, anajua anaombwa anunue, anafunga simu. Na msumari msiudharau. Kaunta yake ndiyo mali anayokupa, panapokaa kikapu hapakai biskuti.

Saa imekwenda, naona mwenyekiti ananitazama. Ya hasara mtayasema mkikutana naye, si kwenye meseji ya kwanza. Kikipauka au kikiota ukungu wakati wa mvua, chako, ndiyo maana usiweke vingi. Kikipotea dukani, chake. Akimkopesha jirani yake, deni ni lake na 12,000 yako unaidai Jumamosi ile ile. Hili mlitamke kwa mdomo, maana wengi wanaona kukopesha bado si kuuza. Ya daftari, kila mtu na lake, mnasaini yote mawili siku ya kupeleka. Na akisema atakutumia kwa simu, muulize makato ya kutuma na ya kutoa anabeba nani, kabla hujamwachia hata kikapu kimoja.