Daftari kabla ya indiketa

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliniuliza pale mlangoni: RSI niliiacha, je, siku hizi kwenye biashara ya fedha za kigeni natumia indiketa gani kusomea chati? Situmii yoyote. Jibu langu ni hili daftari.

RSI, MACD, wastani wa bei, zote zinakokotolewa kutoka kwenye bei ileile iliyokwisha kupita. Ukiweka tatu kwenye chati moja, umesimuliwa habari moja mara tatu. Na hakuna hata moja inayojua kwamba umeingia sokoni ukiwa na hasira.

Tazameni hesabu yangu ya euro na dola. Kila oda nilikubali kupoteza shilingi 20,000, ambazo naziita fungu moja. Nikishinda napata fungu moja na nusu, gharama za dalali zikiwa zimeshatoka. Baada ya oda 60 nilikuwa nimeshinda 22 na kushindwa 38: yameingia mafungu 33, yametoka 38. Laki moja imekwenda. Zamani, usiku uleule ningekuwa natafuta indiketa mpya.

Safari hii nilichukua kalamu nyekundu. Daftari langu lina safu ya sababu ya kuingia, na naijaza kabla sijabonyeza, maana matokeo yakishajulikana kila mtu hujitungia sababu nzuri. Historia ya MT5, programu ninayofungulia oda, itakupa bei na saa, sababu haikupi. Nikakuta oda 14 nilizifungua ndani ya robo saa baada ya kupoteza. Kwenye safu ile nimeandika "lazima irudi", nyingine nimeiacha tupu. Katika hizo 14 nilishinda mbili tu: hasara ya mafungu tisa. Zile 46 zilizobaki, kwa mkakati uleule, zilikuwa na faida ya mafungu manne. Mama zetu wa dagaa pale Mwaloni Kirumba wanaujua mzigo uliowatia hasara kwa sababu waliuandika siku waliyoununua. Mimi ilinichukua miaka miwili kufanya hivyo.

Lakini naomba hapa tusikimbie. Mafungu manne katika oda 46 yanaweza kuwa bahati. Oda mbili tu kati ya zilizoshinda zingegeuka, faida yote ingekwisha. Hata zile 14 nilizitenga baada ya kuyaona matokeo, na ukichambua daftari kwa muda mrefu hukosi kundi la kulilaumu. Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja: nikipoteza, simu naiweka chini kwa nusu saa. Mengine sijagusa, nahesabu oda 60 nyingine. Oda niliyokosa kwa ajili ya sharti hilo naiandika pia, na ingeishia wapi.

Leo niko kwenye oda ya 41. Daftari naliacha hapa mezani, anayetaka kukagua hesabu zangu alifungue.