Kilomita 17.3 Kutoka Buruburu Hadi Kangemi: Nani Amesema Ni Sahihi?

Asanteni. Mzungumzaji aliyenitangulia ameeleza jinsi ya kuendesha majaribio ya programu usiku kucha, kwa hiyo hilo naliacha. Nina swali moja, na baadhi yenu mmeshanisikia nikiliuliza: jaribio likishatoa jibu, nani anaamua kwamba jibu hilo ni sahihi?

Chukueni programu ya kutafuta njia fupi zaidi ya gari hapa Nairobi. Hati ya mahitaji hakuna. Aliyeiandika alishahama kazi, na mteja alisema tu, "Itupe njia fupi." Tuseme unaiuliza Buruburu hadi Kangemi, nayo inajibu kilomita 17.3. Utajuaje? Ramani ina makutano maelfu, hakuna atakayezipima njia zote kwa mkono. Mtafiti Elaine Weyuker aliandika kuhusu programu za namna hii mwaka 1982: zimeandikwa kwa sababu jibu lenyewe halijulikani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Timu nyingi huchukua ile 17.3 na kuibandika kwenye jaribio kama jibu linalotarajiwa. Kesho yake programu inatoa 17.3 tena, taa ya kijani inawaka, watu wanaenda nyumbani. Mmepima nini? Mmeuliza tu kama programu ya leo inakubaliana na ya jana. Mtaniambia hilo linasaidia kuona mabadiliko. Ni kweli, linasaidia. Lakini kama 17.3 ni kosa, siku mwenzenu atakapolirekebisha, jaribio lenu ndilo litakalomzuia.

Kuna njia nyingine, ambayo T. Y. Chen na wenzake waliipendekeza mwaka 1998. Ukikosa jibu, tafuta uhusiano ambao lazima uwepo kati ya majibu kadhaa. Iulize programu maswali mengine mawili: Buruburu hadi Kencom, kisha Kencom hadi Kangemi. Tuseme inajibu 7.1 na 9.4. Jumlisha: 16.5. Lakini ilituambia njia fupi kuliko zote ni 17.3! Ukipitia Kencom tu, umeshaipita kwa ufupi. Jibu la kweli bado hatulijui, lakini tunajua kwamba majibu haya matatu hayawezi yote kuwa sahihi.

```
assert d(A, C) <= d(A, B) + d(B, C) + 0.15
```

Hapo d ni umbali ambao programu inatoa, A ni Buruburu, B ni Kencom, C ni Kangemi. Hiyo 0.15 si ya kubahatisha. Kila jibu limekadiriwa kwa desimali moja, kwa hiyo laweza kukosea kwa 0.05, na majibu ni matatu. Pengo letu ni 0.8, ukadiriaji hauwezi kulieleza.

Kosa liko wapi? Kwanza hakikisha kila njia iliyotolewa inapitika: kila kipande cha barabara kipo kwenye ramani, na urefu wa vipande unafikia jumla iliyotajwa. Vikipita vyote, basi mwenye kosa ni 17.3, kwa sababu njia ya 16.5 ipo mbele ya macho yako. Ukitafuta kwa A*, kanuni ya kutafuta njia inayoongozwa na kadirio la umbali uliobaki, angalia kadirio hilo. Mtu akilizidisha, tuseme kwa 1.3, ili utafutaji uende kasi, kadirio linaweza kuuzidi umbali halisi, na A* haina tena hakika ya kuleta njia fupi zaidi. Safari fupi mara nyingi zitatoka sawa, ndefu ndizo zitakazokuumbua.

Atatokea mtu aseme, mbona tusiandike programu ya pili tulinganishe? Knight na Leveson walilijaribu jambo hilo mwaka 1986 kwa programu 27 zilizoandikwa kila moja peke yake, na programu hizo zilikosea pamoja kwenye maswali yale yale zaidi ya ilivyotarajiwa.

Tahadhari nazitaja haraka, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kencom lazima iwe nukta ile ile kwenye ramani, ya kufikia na ya kuondokea. Na kama ramani yako inakataza kugeuza gari mahali hapo, jumla ya safari mbili inahesabu mgeuko ambao dereva haruhusiwi kuufanya, nawe utalalamikia kosa lisilokuwepo. Msidai pia kwamba kwenda na kurudi ni sawa: barabara za njia moja zitawakatalia.

Tena uhusiano huu hauoni kila kitu. Programu ikizidisha kila umbali mara mbili, inapita. Ikitoa maili badala ya kilomita, inapita. Kwa hilo chora ramani ya makutano manne, pima kwa mkono, linganisha.

Mwisho, kwa wanaopima dakika badala ya kilomita. "Ukifunga barabara, safari haiwezi kuwa fupi zaidi" ni kweli kwa umbali, na kwa muda uliowekwa bila kubadilika. Programu yako ikikokotoa pia msongamano wa magari yanayochagua njia, uhusiano huo utupeni: Dietrich Braess alionyesha mwaka 1968 kwamba barabara mpya yaweza kumchelewesha kila mtu. Maswali?