Kumi na Nane ni ya Sukari Peke Yake

(Mhadhara uliotolewa Ngamiani, Tanga, mbele ya wagonjwa wa kisukari na jamaa zao)

Assalaam alaykum. Hamjambo wazee wangu, hamjambo ndugu zangu.

Wale waliokuwapo nilipozungumza hapa mara ya mwisho watanisamehe, kwa kuwa nitarudia jambo lile lile: namba ya kubadilishia kipimo cha sukari haifai kubadilishia kipimo kingine. Tangu siku ile nimeletewa karatasi tatu zaidi za majibu ya maabara zenye kosa lile lile pembeni, limeandikwa kwa kalamu, na kila aliyeniletea alikuwa na uhakika kwamba amekokotoa sawasawa. Kukokotoa alikokotoa sawasawa. Namba aliyoitumia ndiyo haikuwa yake.

Nitaeleza karatasi moja tu. Mzee mmoja alikwenda India kutibiwa, akarudi na majibu yaliyoandikwa kwa miligramu kwa desilita, yaani mg/dL: sukari kabla ya kula 101, kolesteroli 198. Miezi kadhaa baadaye alipimwa hapa nyumbani, na majibu yakaja kwa milimoli kwa lita, yaani mmol/L: sukari 5.6, kolesteroli 6.2. Mjukuu wake, kijana msomi, alikuwa amesikia kwamba ukitaka kutoka milimoli kwenda miligramu unazidisha kwa 18. Akaanza na mstari wa sukari: 5.6 mara 18 ni 100.8. Karatasi ya India inasema 101. Kijana akafurahi, na nani asingefurahi? Akashuka mstari wa pili akiwa na imani kamili: 6.2 mara 18 ni karibu 112. Basi kolesteroli ya babu imeshuka kutoka 198 hadi 112! Mzee akaona dawa imefanya kazi kupita kiasi, akaiacha. Nilipoiona karatasi ile, alikuwa na miezi mitatu bila kumeza kidonge.

Ukweli ni kwamba kolesteroli ilikuwa imepanda, kwa sababu 6.2 ya kolesteroli ni 240.

Sasa nataka tuelewane namba hizi zinatoka wapi, maana mtu anayezikariri tu atakosea tena wiki ijayo. Miligramu ni uzito, na milimoli ni hesabu ya idadi. Ukienda sokoni ukaambiwa machungwa ya Muheza ni kumi, umepewa idadi; ukiambiwa ni kilo mbili, umepewa uzito. Unaweza kutoka kwenye idadi kwenda kwenye uzito, lakini ni lazima kwanza ujue chungwa moja lina uzito gani, na ukitumia uzito wa chungwa kukadiria ndimu kumi, muuzaji atakucheka. Molekuli nazo ni hivyo hivyo. Milimoli moja ya glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, ina uzito wa miligramu 180. Milimoli moja ya kolesteroli ina uzito wa miligramu 387 hivi, zaidi ya mara mbili. Desilita nayo ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo uzito huo unaugawanya kwa kumi: glukosi inabaki na 18, kolesteroli inabaki na 38.67. Hakuna siri nyingine. Namba 18 si namba ya karatasi, wala si namba ya maabara. Ni uzito wa glukosi uliogawanywa kwa kumi, na haina ruhusa ya kuvuka kwenda mstari wa pili.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, siku hizi simu inabadilisha yenyewe." Vizuri. Je, simu hiyo ilikuuliza unabadilisha kitu gani? Kama ilikutaka namba tu bila kukuuliza ni sukari, ni kolesteroli au ni kreatinini ya kupimia figo, basi imedhani ni sukari, na imefanya kosa lile lile la mjukuu, ila kwa haraka zaidi.

Ipo njia ya kujisahihisha isiyohitaji simu wala kukariri, na karatasi yenyewe ndiyo inayokupa. Karibu na jibu lako huandikwa kiwango cha kawaida. Chukua ukomo wa juu wa karatasi moja, ugawanye kwa ukomo wa juu wa karatasi nyingine, mstari ule ule. Kwa mzee wetu, karatasi ya India iliandika kolesteroli iwe chini ya 200, na ya hapa ikaandika chini ya 5.2. Gawanya 200 kwa 5.2 upate 38 na kitu. Fanya hivyo kwa sukari, 100 kwa 5.6, upate karibu 18. Hutapata namba kamili, kwa sababu maabara mbili zinaweza kuweka ukomo tofauti kidogo, lakini tofauti ya 18 na 38 huwezi kuikosa hata ukiwa na usingizi. Tena, kama unachotaka kujua ni iwapo jibu limepita kiwango, huhitaji kubadilisha chochote: linganisha jibu na kiwango cha karatasi hiyo hiyo. Mzee alikuwa na 6.2 mbele ya ukomo wa 5.2, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa wazi kabla kalamu ya mjukuu haijagusa karatasi.

Kwa sukari, wenye mashine za nyumbani nawapa hesabu ya kichwani. Chukua milimoli, zidisha kwa mbili, ondoa sehemu ya kumi, kisha zidisha kwa kumi. Saba inakuwa 14, ukiondoa 1.4 inabaki 12.6, na jibu ni 126. Ndicho kiwango cha sukari ya kufunga ambacho kuanzia hapo daktari huanza kuzungumzia kisukari. Mashine ya milimoli huonyesha nukta, na ya miligramu huonyesha namba nzima. Mama aliyezoea kuona 5.4 akiletewa mashine kutoka Marekani akaona 98, asipige kelele, kwa kuwa ni sukari ile ile. Lakini akiona 54 asiseme "nukta imefutika, hii ni 5.4." Hiyo ni 3.0, sukari imeshuka, na anahitaji kitu kitamu mara moja, kabla ya hesabu yoyote.

Naona saa imenikimbia, kwa hiyo figo nitazipita haraka. Kreatinini haiandikwi kwa milimoli bali kwa mikromoli, µmol/L, na 1 mg/dL ni sawa na 88.4. Anayeona 1.7 huku na 150 kule asidhani figo zimekufa njiani. Ni jibu moja.

Kuhusu urea, taka nyingine inayotolewa na figo, aliyeuliza pale nyuma kwa nini namba zake hazifanani ana haki ya kuchanganyikiwa. Karatasi nyingine huandika Urea na nyingine huandika BUN, na zote huweka mg/dL, lakini BUN hupima uzito wa naitrojeni tu iliyomo ndani ya urea, ambayo ni 28 katika kila 60. Urea unaigawanya kwa 6, BUN unaigawanya kwa 2.8, na zote zinaishia kwenye milimoli. Kwa hiyo urea ya 30 na BUN ya 14 ni damu ile ile, 5.0 mmol/L. Trigliseridi, yaani mafuta mengine ya damu niliyoahidi kuyaeleza, hatutazifikia, maana adhana hiyo inaanza. Wenye karatasi mbili zenye vipimo tofauti wabaki nazo mkononi, tutazitazama baada ya sala, mstari kwa mstari.