Mishale Miwili Inahesabu Mikono, Haihesabu Watu

Mabibi na mabwana, hamjambo. Wengi wenu hapa ni ma-admini wa magrupu ya mtaa, ya chama au ya wazazi wa shule, kwa hiyo sitawaeleza uvumi ni nini. Nataka tuutazame mshale mdogo unaokaa juu ya ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu karibu kila mtu anausoma vibaya.

Ukifowadiwa ujumbe, unaona mshale mmoja na neno Forwarded. Ukishapita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuandika, mshale unakuwa miwili na maneno yanabadilika: Forwarded many times. Hesabu hiyo haifanyiki ofisini kwa mtu. Ujumbe umefungwa kwa usimbaji, na WhatsApp yenyewe haiwezi kuusoma. Namba inasafiri ndani ya ujumbe, na kila mara mtu anapoufowadi, simu yake inaongeza moja.

Hapo ndipo penye kosa. Namba hiyo ni urefu wa njia iliyofuatwa na nakala uliyoshika wewe. Haisemi ni watu wangapi wameuona.

Tuchukue mfano. Mtu Kayole anaandika katika grupu la watu 200 kwamba maji ya mfereji yametiwa sumu. Mwenzake mmoja anaufowadi kwa magrupu matano, kila moja la watu 200. Huo ni mkono wa kwanza, na tayari ni nafasi 1,000. Sasa ujumbe una mshale mmoja, na sheria inabana zaidi: tangu 2022, kilichokwisha kufowadiwa kinaweza kwenda chati tano kwa mkupuo, lakini grupu moja tu kati ya hizo. Tuseme watu kumi katika kila grupu wanaupeleka kwenye grupu moja jingine. Ni magrupu 50, nafasi 10,000, na mkono ni wa pili tu. Kweli, wengine wamo katika magrupu mawili au matatu, kwa hiyo watu halisi ni wachache kuliko hapo. Hata hivyo Kayole yote imeshaanza kununua maji ya chupa, na mshale bado ni mmoja.

Upande wa pili, shangazi anamtumia dada yake sala ya asubuhi, dada anampa jirani, jirani anampa mwingine, mpaka ipite mikono mitano. Wameiona watu wachache mno, lakini ina mishale miwili. Lebo haisemi uongo wala ukweli. Inasema tu kwamba aliyekutumia si mwenye maneno, na kwamba mwenyewe yuko mbali.

Basi inasaidia nini? Inachelewesha. Kabla ya 2018 mtu aliweza kufowadi kwa chati zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja. Baada ya watu kuuawa India kwa uvumi wa wezi wa watoto, idadi ilishushwa mwaka huo hadi tano kule India na 20 kwingineko, kisha tano duniani kote Januari 2019. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe wenye mishale miwili ukabanwa uende chati moja tu kwa mara. Wiki chache baadaye kampuni ilisema ufowadi wa aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Hakuna anayezuiwa kurudia mara kumi. Ila kidole kinachoka, na kwa maoni yangu uvivu wa kidole umefanya kazi kubwa kuliko mahubiri yetu yote.

Sasa, hesabu ya mshale inakwepwaje? Kwa kunakili. Ukibonyeza maneno, uka-copy na kubandika upya, ujumbe unazaliwa upya bila mshale, hesabu sifuri. Skrinishoti ni vivyo hivyo. Ndiyo maana ujumbe unaosema "usifowadi, nakili ubandike" unapaswa kukushtua: aliyeuandika anajua hesabu inavyofanya kazi. Dalili nyingine ni picha yenye saa na kiwango cha betri cha simu ya mtu mwingine juu kabisa, au maandishi yanayoanza na "nimetumiwa hivi" na hayana mshale. Hayo yamesafiri, ila yamevua viatu mlangoni.

Ma-admini, ukitaka kuuondoa ujumbe grupuni, ubonyeze kwa muda, gusa alama ya kufuta, chagua Delete for everyone. Fanya mapema. Kinachofutwa ni nakala ya grupu lako peke yake; iliyokwisha kufowadiwa kwingine inabaki huko na hesabu yake, na grupu lenu halina mkono tena juu yake.